Kugeuza voisi ya baba shambani iwe jedwali la kazi lenye tarehe

*Shikamoo mtaalamu. Baba analima nyanya Ilula na ana ng'ombe mmoja wa maziwa, mi niko Dar. Karibu kila jioni ananitumia voisi WhatsApp ananieleza kazi walizofanya, nataka nizigeuze ziwe jedwali lenye tarehe ila nikiandika anavyosema vinachanganyikana, mara jana, mara juzi, saa moja, bomba tatu. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Kosa ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, na mi nilianza nalo, ni kufungua jedwali huku voisi inacheza, unasikia "jana nikapiga dawa" unaandika tarehe ya jana fasta, sekunde ishirini mbele mzee anasema "eh hapana, siyo jana" na wewe ushahama mstari mwingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa jedwali sikiliza voisi yote mara moja bila kuandika kitu, afu ndo uisikilize mara ya pili uiandike neno kwa neno kwenye karatasi au kwenye notisi za simu. Maneno yake yeye, siyo ya kwako. Akisema "nimewapa kumi kumi" andika hivyohivyo, usiandike kwamba amelipa vibarua shilingi elfu ishirini, hiyo hesabu itakuja baadaye.

Nakuwekea voisi moja ya kweli, ya mzee mmoja ambaye namwekea kumbukumbu na kaniruhusu niitumie. Aliirekodi Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa tatu kasoro usiku:

"Haya, huku salama, mvua imepiga jana usiku mpaka alfajiri. Ee, juzi nilipalilia kule bondeni, mimi na mama na wale vijana wawili, tukamaliza kama robo tatu hivi, nikawapa kumi kumi. Jana sasa, saa moja asubuhi nikapiga dawa ya ukungu kule kwa mkaratusi, bomba tatu, nilivyofika la tatu mvua ikaanza ikabidi niache nusu. Eh hapana, siyo jana, jana nilikuwa mnadani. Dawa ilikuwa juzi, palizi ndo ilikuwa Jumatatu. Leo nimekamua lita saba asubuhi, jioni tano. Kesho Mungu akipenda tutafunga kamba. Na yule ndama hajanywa dawa ya minyoo bado."

Fupi kabisa, dakika moja na kidogo, lakini ina mitego yote unayoilalamikia. Tuanze na tarehe maana hiyo ikikosewa jedwali zima halina kazi.

Tarehe zote kwenye voisi zinaning'inia kwenye msumari mmoja, nao ni siku aliyozungumza. Siyo siku uliyoisikiliza na siyo lazima iwe siku uliyoipokea, kijijini netiweki ikikata voisi inaweza kukufikia kesho yake, na ikiwa dada yako ndo kaiforwadi kwako basi tarehe unayoiona ni ya kuforwadi. Dawa ya hili ni ndogo, mwombe baba kila akianza aseme "leo Alhamisi" afu aendelee. Neno moja tu hilo. Ukishalipata unaandika juu ya karatasi LEO = 2025-03-13, chini yake JANA = 2025-03-12, JUZI = 2025-03-11, afu unarudi kwenye maneno yake unabadilisha moja moja.

Sasa angalia neno juzi. Kuna juzi ya kalenda, yaani siku iliyotangulia jana, afu kuna juzijuzi, juzi kati, majuzi, hizo zote maana yake ni siku chache zilizopita na wala hazina tarehe. Wazee wengine hata juzi yenyewe kavu wanaitumia kwa maana hiyo ya pili. Kwa huyu mzee wangu tuna bahati kwa sababu kajisahihisha mwenyewe na katupa ushahidi, jana alikuwa mnadani, palizi ilikuwa Jumatatu, basi dawa iko katikati yao, Jumanne tarehe 11. Inafunga vizuri. Ona lakini kwamba ule usahihisho mmoja umehamisha vitu viwili, dawa imetoka jana ikaenda juzi na palizi imetoka juzi ikaenda Jumatatu. Watu wengi wanahamisha ile dawa tu wanaiacha palizi palepale, wanajikuta mzee kapalilia bondeni na kapiga dawa kwa mkaratusi siku moja.

Usiku nao una mambo yake. "Jana usiku mpaka alfajiri" ni usiku wa kuamkia Alhamisi, mi naiandika kwenye tarehe 12 kwa sababu ndipo ilipoanzia, na kwenye safu ya kazi naweka "mpaka alfajiri ya 13". Ila ukija kumwandikia mtu wa pwani uwe makini zaidi, huko wapo ambao siku yao inaanza jua likizama, akikwambia usiku wa Ijumaa anaweza kuwa anasema ule usiku ambao wewe ungeuita Alhamisi usiku. Muulize "usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi?" na shida imeisha. Na kama baba ni mtu wa kuchelewa kulala akarekodi saa sita na robo usiku, simu itakuwa ishahamia tarehe mpya wakati yeye anaposema "leo nimekamua" anazungumzia siku ambayo hajalala bado, kwa hiyo hapo unarudisha tarehe nyuma moja.

Saa ni rahisi ukishaamua utaandika mtindo gani, mi kwenye jedwali naandika saa za simu ili zipangike zenyewe. Saa moja asubuhi inakuwa 07:00, saa kumi na moja jioni 17:00, saa tatu usiku 21:00, saa kumi alfajiri 04:00. Cha kuangalia ni lile neno linalofuata, asubuhi, jioni au usiku, maana saa kumi peke yake inaweza kuwa alfajiri anakamua au alasiri anamwagilia. Asipolisema na kazi yenyewe haikuonyeshi, acha hiyo seli wazi. Seli tupu haijawahi kumdanganya mtu.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho naona watu hawakitumii kabisa wakati Kiswahili chenyewe kimeshawafanyia kazi, na hiki ni kile kisilabi cha katikati ya kitenzi. Jedwali la kazi linataka kilichofanyika tu. Sasa sikia, *nilipalilia*, *nimekamua*, hizo zimefanyika, zinaingia. *Tutafunga kamba* haijafanyika, haiingii, hata kama ana uhakika nayo asilimia mia, kwa sababu kesho ikinyesha hawafungi na wewe utakuwa na kamba kwenye jedwali ambazo hazipo shambani. *Huwa napiga dawa kila wiki*, hiyo ni tabia, siyo tukio, haina tarehe. *Mvua ikikatika tunapiga*, hiyo ni sharti, nayo iache. Mipango naiweka kwenye shiti nyingine pembeni, na voisi ya kesho yake ikisema "tumefunga" ndo naiingiza kwenye jedwali kwa tarehe yake.

Ile -ka- ndo inataka sikio hasa. "Nilipalilia... tukamaliza... nikawapa kumi kumi." Zile -ka- zimefungwa kwenye siku ya kitenzi cha kwanza, kwa hiyo malipo yana tarehe ileile ya palizi mpaka mzee ataje siku nyingine. Palizi ilipohamia Jumatatu, malipo nayo yakahama pamoja nayo. Ukiwa umeyaandika kama mstari wa peke yake bila kukumbuka yametokea wapi utayaacha kwenye tarehe ya juzi.

Halafu kuna *hajanywa bado*. Wengi wanairuka wanasema si hakuna kilichofanyika. Mi naiandika, na kwenye safu ya hali naweka "bado". Ndama kufikia tarehe 13 hajapata dawa ya minyoo, hiyo ni taarifa kamili, na ikitokea voisi nne mfululizo inarudi bado, bado, bado, unajua hapo kuna kitu kimekwama, labda hela ya dawa, na unaweza kutuma.

Kichwa cha kitenzi nacho kinakwambia nani kafanya. *Ni-* mzee mwenyewe, *tu-* alikuwa na watu, *wa-* ni vijana bila yeye. Ila *tu-* ya baba mwenye shamba usiiamini haraka, "tumepiga dawa" mara nyingine ni kijana kapiga na baba alikuwa amekaa chini ya mti anaangalia, na kama unataka kujua nani alishika dawa siku gani hiyo tofauti ina maana. Akisema "palizi imefanyika" hapo hajamtaja mtu yeyote, acha wazi uulize.

Vipimo sasa. Weka safu mbili, moja ya namba na moja ya kipimo, usiandike "bomba 3" kwenye seli moja maana eksel haitaweza kujumlisha. Na kipimo kiwe kile alichokitaja yeye, bomba, debe, tenga, kisoda, ndoo, usikimbilie kuvigeuza lita na kilo. Bomba la mgongoni lipo la lita 16 na lipo la lita 20, kwenye bomba tatu tofauti ni lita 12 nzima. Tenga la nyanya ndo usiseme, kila mahali lina ukubwa wake na jinsi ya kulirundika. Muulize mara moja tu kila kifaa chake kina ukubwa gani, uandike kwenye karatasi ya pembeni, afu ubaki nayo. Majina ya vipande vya shamba vilevile, bondeni, kwa mkaratusi, tumia anavyoviita yeye na usije na "kipande A" na "kipande B" ambavyo ukimsomea kwenye simu hatavijua.

Hela ya kusema ina ufupisho wake. "Kumi kumi" kwa vijana wawili wa palizi mi nimeielewa elfu kumi kila mmoja, jumla 20,000, lakini nilithibitisha. "Laki na nusu" ni 150,000, siyo laki na shilingi nusu.

Neno dawa nalo ni shimo. Dawa ya ukungu, dawa ya kantangaze, dawa ya kupe, ya minyoo, zote dawa. Akisema dawa tupu mwambie akutumie picha ya kibandiko cha kopo, na hapo utapata jina lenyewe na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna ambazo zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kupiga. Ndo maana nimekaa sana kwenye Jumanne na Jumatano, ukikosea siku moja hapo na hesabu ya kuvuna inakosewa siku moja.

Nikabaki na vitu ambavyo sikuwa na uhakika navyo, na kikubwa kilikuwa hiki, "ikabidi niache nusu". Nusu ya nini? Mi nilivyoisikia nilisema aliacha nusu ya bomba la tatu, yaani kapiga bomba mbili na nusu. Niliandika alama ya kuuliza, kesho yake nikampigia. Kumbe bomba la tatu alilimaliza lote huku manyunyu yanaanza, alichoacha ni nusu ya kipande, ile upande wa chini haijapata dawa kabisa. Na bomba lake ni la lita 16, kwa hiyo ni lita 48. Ningeandika nilivyodhani ningekuwa nimekosea kiasi cha dawa na pia ningeonyesha kipande chote kimepigwa wakati nusu yake iko wazi, msimu wa mvua, na ukungu unavyokimbia. Tena dawa aliyotumia ni mankozebu, ambayo inakaa juu ya jani na kulikinga kwa nje, haiingii ndani, kwa hiyo hata ule upande aliopiga mvua iliyofuata palepale ilikuwa imeiosha kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo ile mvua ya Jumanne nayo imepata mstari wake kwenye jedwali, siyo mambo ya hali ya hewa tu, ni sababu ya kurudia dawa.

Unapompigia baba usimhoji kama karani wa mahakama. Msalimie, mwache amalize habari zake, afu msomee mstari mmoja mmoja: "Baba, nimeandika Jumanne umepiga bomba tatu kwa mkaratusi, ukaacha nusu, nusu ya bomba au nusu ya shamba?" Mpe majibu mawili achague. Ukimuuliza "una uhakika ilikuwa Jumanne?" ataona unamtilia shaka, atasema ndiyo ili yaishe, na hapo umepoteza.

Baada ya simu jedwali lilikuwa hivi. Safu ya mwisho ni dakika na sekunde kwenye voisi ambapo amelisema jambo hilo, ili mkibishana mwezi wa saba urudi kusikiliza badala ya kukumbuka:

| tarehe | saa | mahali | kazi | nani | kiasi | kipimo | pesa | hali | voisi |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 2025-03-10 | | bondeni | palizi, kama robo tatu ya kipande | mzee, mama, vijana 2 | | | 20,000 | haijaisha | 0:12 |
| 2025-03-11 | 07:00 | kwa mkaratusi | dawa ya ukungu (mankozebu), nusu ya juu tu | mzee | 3 | bomba L16 | | haijaisha, irudiwe | 0:26 |
| 2025-03-11 | asubuhi | kwa mkaratusi | mvua ilianza akiwa anapiga dawa | | | | | | 0:35 |
| 2025-03-12 | | mnadani | hakutaja kazi ya shamba | mzee | | | | | 0:42 |
| 2025-03-12 | usiku | | mvua mpaka alfajiri ya 13 | | | | | | 0:04 |
| 2025-03-13 | asubuhi | zizini | kukamua | mzee | 7 | lita | | imefanyika | 0:52 |
| 2025-03-13 | jioni | zizini | kukamua | mzee | 5 | lita | | imefanyika | 0:55 |
| 2025-03-13 | | zizini | dawa ya minyoo kwa ndama | | | | | bado | 1:06 |

Kamba haimo, umeona. Iko kwenye shiti ya mipango, tarehe 14.

Maziwa nimeyagawa mistari miwili makusudi. Ukiandika 12 kwa siku unapoteza ile ya jioni kushuka, na mara nyingi ng'ombe akianza kuumwa au maji yakipungua zizini unaiona kwanza kwenye mkamuo mmoja kabla haijaonekana kwenye jumla.

Tarehe ziandike hivyo, mwaka kwanza, mwezi, siku. Ukiandika 3/11 jedwali linaweza kuisoma tarehe 11 Machi au tarehe 3 Novemba, inategemea simu au kompyuta imewekwaje, na hautagundua mpaka siku unapanga mistari unakuta nusu ya Machi imeruka mwisho wa mwaka. Afu ongeza safu moja mwishoni yenye fomula hii, inakuandikia jina la siku, mara nyingi kwa Kiingereza, kutoka kwenye tarehe iliyoko A2:

```
=TEXT(A2,"dddd")
```

Mzee akitaja Jumatatu na fomula inakuonyesha siku nyingine, tarehe yako ina kosa, rudi kwenye karatasi. Hiyo ndo imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote humu.

Faili la voisi lenyewe usilifute. Lihifadhi nje ya WhatsApp na ulipe jina la siku aliyozungumza, mfano `2025-03-13_baba.opus`, maana jina linalokuja nalo halikwambii kitu na ukibadilisha simu unaweza kuzipoteza zote. Na ukisikiliza, WhatsApp inakupa kuongeza kasi tu, haipunguzi, kwa hiyo pale mzee anapomeza maneno au ng'ombe analia karibu na simu lifungue kwenye VLC upunguze kasi mpaka 0.75, maneno yanatoka.

Jambo la mwisho ni pale voisi ya wiki ijayo ikisahihisha ya wiki hii, na itatokea, mfano baba anakumbuka kwamba vijana walikuwa watatu siyo wawili. Usifute ule mstari wa zamani ukaandika mpya juu yake. Kwenye mstari wa palizi badilisha hali iwe "imesahihishwa 2025-03-20", hela iliyokuwemo ihamishe iingie kwenye safu ya kazi ili isihesabiwe mara mbili, afu ongeza mstari mpya wenye tarehe ileile ya 2025-03-10, vijana watatu, na 30,000 lakini hiyo hela uulize kwanza, kwa sababu inawezekana yule wa tatu alikuwa binamu yako na hakulipwa.